Bima Yako Imelipiwa Hadi Lini?

Stetimenti ya bima ya maisha ikifika, wengi wetu hutafuta tarakimu mbili: kila mwezi ninatoa kiasi gani, na mwisho nitapata kiasi gani. Tarakimu hizo zote mbili zinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye bima iliyokwisha kukatika. Kinachoonyesha kama bima bado iko hai ni tarehe. Nayo haikuchapishwa kwa wino mzito. Imejibanza katikati ya maelezo ya mkataba, chini ya maneno "Paid to Date", na kwa kampuni nyingine "Next Due Date".

Maana yake ni kwamba bima imelipiwa mpaka kufikia siku hiyo, na ada inayoanzia siku hiyo bado haijaingia. Stetimenti ikichapishwa tarehe 15 Mei, na mstari huo ukasoma 1 Juni, hudaiwi kitu. Ukisoma 1 Februari, basi ada nne hazijapokewa: ya Februari, ya Machi, ya Aprili na ya Mei. Safu ndefu ya malipo ya nyuma iliyo chini yake haibadilishi jambo hilo. Angalizo dogo hapa: kwenye karatasi za baadhi ya kampuni maneno hayo hayo, "Paid to Date", huwekwa juu ya kiasi cha fedha, na hapo humaanisha jumla ya ulichokwisha kulipa. Ukiona shilingi, si hiyo. Tafuta siku, mwezi na mwaka.

Nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nilioutunga kwa hesabu nyepesi, lakini wenye sura ya mambo yanayowapata watumishi wengi wa Kenya. Mwalimu wa shule ya msingi huko Malindi alichukua bima ya maisha yenye akiba ndani yake, kwa ajili ya masomo ya mwanawe. Ilianza tarehe 1 Februari 2020, ni ya miaka 12, na itaiva tarehe 1 Februari 2032. Ada ni shilingi 4,000 kwa mwezi, inayokatwa kwenye mshahara. Akifika mwisho wa miaka hiyo, au akifariki kabla yake, kampuni italipa shilingi 600,000. Ziada zinazotangazwa na kampuni kila mwaka tuziache kando.

Kwa miaka minne hakuna kilichoharibika. Ada 48 zimeingia, kuanzia ya Februari 2020 hadi ya Januari 2024. Halafu mwalimu akaomba mkopo kwenye SACCO yake ili amalizie nyumba.

Hapa ndipo bima nyingi za watu wa mshahara zinapovunjika, na sababu yake imo kwenye sheria ya kazi, wala si kwenye bima yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inakataza makato ya mfanyakazi kuzidi theluthi mbili za mshahara wake. Tuseme mwalimu anapata shilingi 45,000. Makato yote, kodi ikiwemo, hayaruhusiwi kupita 30,000. Alikuwa tayari anakatwa 26,000, zikiwemo zile 4,000 za bima. Mkopo mpya unataka 6,000 kwa mwezi. Jumla inakuwa 32,000, na mkopo hauwezi kupita. Bima ikiondolewa, makato yanashuka hadi 28,000 na mkopo unapita. Mara nyingi hakuna aliyemfanyia hila. Yeye mwenyewe hutia saini karatasi ya kusimamisha kato la bima ili apate nafasi, akijiambia kwamba atakuwa akilipa kwa simu. Mwezi wa kwanza fedha za nyumba zinapopokewa, simiti inanunuliwa, na ada inasahaulika.

Tena nafuu aliyoipata kwa kusimamisha kato ni ndogo kuliko anavyodhani. Kenya humpunguzia kodi mwenye bima ya maisha kwa asilimia 15 ya ada anayolipa, bila kuzidi shilingi 5,000 kwa mwezi, na kwa bima ya elimu sharti iwe ya miaka isiyopungua 10. Kwa ada ya 4,000 mwalimu alikuwa akipunguziwa shilingi 600. Kato likiondoka na punguzo huondoka nalo, na kodi yake inapanda kwa hizo 600. Kwa hiyo ameokoa 3,400, si 4,000.

Sasa tarehe kwenye stetimenti yake imesimama: 1 Februari 2024.

Siku hiyo bima haikatiki. Mkataba wa bima ya maisha humpa mwenye bima siku za neema, ambazo kwa kawaida ni 30 baada ya siku ambayo ada ilistahili kulipwa. Mikataba mingine inayolipiwa kila mwezi hutoa siku chache zaidi, na idadi yake imeandikwa kwenye kifungu cha malipo ndani ya mkataba. Siku hizi huhesabiwa kwa kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Tena huhesabiwa kuanzia siku ya ada yenyewe. Hazianzii siku stetimenti ilipochapishwa, wala siku ulipotumiwa ujumbe wa kukumbushwa, wala siku ulipogundua kwamba mshahara umeingia bila kukatwa. Februari ya 2024 ilikuwa na siku 29, kwa hiyo siku ya 30 baada ya tarehe 1 Februari ni tarehe 2 Machi. Mwalimu ana mpaka hapo.

Katika siku hizo kinga inaendelea kana kwamba amelipa. Jambo hili halijulikani sana, na familia nyingine hukaa kimya bila kudai kwa kudhani kwamba ada moja iliyokosekana imeshafuta kila kitu. Mwalimu akifariki tarehe 20 Februari, warithi wake wanastahili shilingi 600,000, na kampuni itatoa humo ile ada moja ya 4,000 aliyokuwa anadaiwa. Watapewa 596,000. Iko mikataba ambayo hukata ada zote zilizobaki za mwaka huo wa bima, si ya mwezi mmoja tu, kwa hoja kwamba ada yenyewe ni ya mwaka na ililipwa kwa mafungu. Hata hapo kiini cha fedha kinabaki.

Usije ukadhani kwamba neema hii iko kwenye kila bima. Bima ya gari haina desturi hiyo. Cheti kikiisha saa sita usiku, kimekwisha, na ajali ya saa moja asubuhi ni yako mwenyewe. Nchini Kenya Sheria ya Bima, Sura ya 487, inamtaka mwenye kampuni awe amepokea ada kwanza ndipo abebe hatari. Nimewasikia watu wakiendesha gari kwa siku kadhaa wakiamini wana mwezi mzima wa kuvuta muda, kwa kuwa walisikia habari za siku 30 kwa mtu wa bima ya maisha. Hizo ni bidhaa mbili tofauti.

Turudi Malindi. Tarehe 3 Machi 2024 imefika na ada haijaingia. Kinachotokea sasa kinategemea swali moja: je, bima hiyo ilikuwa imeshajiwekea thamani?

Miaka ya mwanzo ya bima ya aina hii, sehemu kubwa ya ada hutumika kulipa gharama: kamisheni ya wakala, ambayo huwa kubwa zaidi mwaka wa kwanza, gharama za kuandika mkataba, uchunguzi wa afya, na bei ya kinga yenyewe. Akiba huanza kujitokeza baadaye. Ndiyo maana mikataba mingi husema kwamba bima haina thamani ya kuvunjwa mpaka ada za miaka 2 au 3 ziwe zimelipwa kikamilifu. Kama mwalimu angeacha mwaka 2021, baada ya ada 14, bima ingekatika tarehe 2 Mei bila kubakisha chochote. Shilingi 56,000 alizolipa zisingerudi, na angefariki tarehe 10 Mei familia isingepata kitu. Si wizi, ingawa linauma kama wizi. Alikuwa amenunua kinga ya miezi 14 na kulipia gharama za kuanzisha akiba ambayo haikuanza. Nikiulizwa ni jambo gani wakala anapaswa kulisema kwa sauti kubwa kabla ya saini, nitataja hili kabla ya mengine yote.

Lakini yeye alilipa miaka minne, na thamani ipo. Bima yenye thamani haifi ghafla. Ndani ya mkataba kuna kifungu kinachosema kampuni itafanya nini ada ikikosekana, na kwa kawaida njia ni mojawapo kati ya mbili.

Njia ya kwanza ni kupunguza. Bima inaachwa iendelee bila kulipiwa tena, lakini kiasi chake kinashuka kwa uwiano wa ada zilizolipwa. Mwalimu alitakiwa kulipa ada 144 kwa miaka 12. Amelipa 48, yaani theluthi moja. Bima yake ya 600,000 inakuwa ya 200,000. Fedha hizo zitatolewa akifariki kabla ya wakati au bima ikiiva tarehe ile ile ya 1 Februari 2032. Kwa kawaida bima iliyopunguzwa haiongezewi tena ziada za kila mwaka, na kinga zilizopachikwa pembeni, kama ya ulemavu au ya mazishi, hufa. Anayesoma stetimenti ataona neno "Paid-up" mahali pa hali ya mkataba, na wapo wanaolisoma wakafurahi, wakidhani bima imelipiwa yote. Atazame kiasi cha bima kilichoandikwa kando yake ndipo atajua.

Njia ya pili ni ya mkopo. Kampuni huchukua ada kutoka kwenye thamani ya bima yenyewe, kana kwamba imemkopesha mwenye bima, na kuandika deni lenye riba. Kinga ya 600,000 inabaki nzima. Mwalimu akifariki tarehe 10 Machi, warithi watalipwa 600,000 kasoro deni dogo la mwezi mmoja na ushei. Ni njia nzuri kwa mtu aliyekwama kwa miezi michache. Ubaya wake ni kwamba haina kelele. Hakuna kinachopungua mfukoni, hakuna simu inayokatwa, na mwaka mmoja baadaye deni limefika 48,000 kabla ya riba. Thamani ya bima iliyolipiwa miaka minne tu haiwezi kustahimili hali hiyo kwa muda mrefu. Siku deni na riba yake vinapoifikia thamani, bima inakatika, na safari hii hakuna cha kupunguzwa kwa sababu kilichokuwepo kimeliwa chote. Anayeona mstari wa mkopo kwenye stetimenti ilhali hakuwahi kuomba mkopo asiupuuze kama kosa la kompyuta.

Ni ipi kati ya hizo mbili inayomhusu mwalimu? Hilo ameshalichagua, au limechaguliwa kwa niaba yake, siku alipojaza fomu ya maombi mwaka 2020. Inafaa kulitafuta kwenye mkataba leo, wakati hakuna haraka.

Sasa niseme juu ya walio kwenye hatari bila kuwa na deni lolote kwa maoni yao. Wako wa aina tatu, nao huonekana kwenye stetimenti kwa alama zinazofanana: fedha zimetoka, tarehe haisogei.

Wa kwanza ni wale ambao mwajiri amewakata lakini hajapeleka. Hati ya mshahara inaonyesha 4,000 za bima, mwezi baada ya mwezi, na stetimenti ya kampuni inaonyesha deni. Katika hali hii zote mbili zinasema kweli. Kifungu kile kile cha 19 kinamtaka mwajiri aliyekata aipeleke fedha kwa wakati, lakini mwajiri mwenye upungufu wa fedha hucheleweshea watu wa bima kabla ya kuchelewesha mishahara. Mfanyakazi asisubiri stetimenti ya mwisho wa mwaka. Akusanye nakala za hati za mshahara, aandike barua kwa kampuni ya bima akieleza kwamba amekatwa, na aombe jibu la maandishi kuhusu hali ya mkataba wake. Barua hiyo haimlazimishi mwenye kampuni kulipa fidia, lakini ikitokea msiba, tofauti kati ya mtu aliyeacha kulipa na mtu aliyekatwa fedha zisifike ni kubwa, na ni bora iwe imewekwa kwenye karatasi mapema.

Wa pili ni wanaolipa kwa simu. Kwenye menyu ya Paybill kuna nafasi ya "Account no.", na hapo kampuni hutarajia namba ya mkataba. Mtu akikosea tarakimu moja, au akaandika jina lake, au namba ya kitambulisho, fedha hufika kampuni ila kompyuta haijui ni za nani. Huwekwa kwenye akaunti ya kusubiri, ambayo karatasini huitwa "Suspense". Zinakaa humo salama salimini huku mkataba wake ukihesabiwa siku za neema. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha tu kwamba fedha zimeondoka kwako. Siku mbili tatu baada ya kulipa, uliza tarehe yako imesogea hadi wapi.

Wa tatu ndio wa kusikitisha zaidi, kwa sababu hawajakosa hata mwezi mmoja. Ni wale waliochagua bima inayopanda kila mwaka ili isiliwe na mfumuko wa bei. Tuseme ada ya 4,000 inapanda kwa asilimia 5 na kuwa 4,200 kuanzia tarehe 1 Machi, na mwenye bima ameiagiza benki yake itume 4,000 kila tarehe mosi bila kubadilisha agizo. Tarehe 1 Machi zinaingia 4,000. Hazitoshi ada moja, na kompyuta nyingi za bima hazipokei robo tatu ya ada, zinaiacha ikisubiri. Tarehe 1 Aprili zinaingia 4,000 nyingine. Sasa kuna 8,000. Ada moja ya 4,200 inatolewa, ya Machi, na 3,800 zinabaki zikisubiri. Kuanzia hapo yuko nyuma mwezi mmoja daima, kwa sababu ya shilingi 200. Na hesabu ya siku inamponza: siku 30 baada ya tarehe 1 Machi zinaishia tarehe 31 Machi. Fedha iliyoikamilisha ada ya Machi imefika tarehe 1 Aprili, siku ya 31. Kampuni nyingi huvumilia upungufu mdogo kama huu, na hutuma ujumbe. Lakini uvumilivu huo ni wao kuutoa, na mtu asiyesoma barua ya kupandishwa kwa ada hatajua anauishi.

Mwezi wa Agosti 2024 mwalimu anaijua hali yake. Anakusudia kuifufua bima. Inawezekana, mikataba huweka muda wa kufanya hivyo, kwa kawaida miaka kadhaa tangu bima ilipokatika au kupunguzwa. Atalipa ada zote zilizokosekana kuanzia ya Februari mpaka ya Agosti, yaani saba, shilingi 28,000, pamoja na riba. Fedha si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni fomu ya afya. Kampuni inamtazama upya kama mtu anayeomba leo, na kama tangu Februari ameambiwa ana kisukari au shinikizo la damu, lazima aseme. Inaweza kumkubali, ikamwongezea ada, au ikamkataa. Akificha, na ikaja kujulikana wakati wa kudai fidia, kampuni ina haki ya kukataa kwa msingi wa uongo ulio kwenye fomu ya kufufua, hata kama fomu ya mwaka 2020 ilikuwa na ukweli mtupu. Baadhi ya masharti ya mwanzo nayo huanza kuhesabiwa upya, kama lile linaloondoa fidia ya mtu aliyejiua ndani ya kipindi cha kwanza.

Mtego mbaya kuliko yote uko hapa. Mtu anagundua bima imekatika, anatuma ada zote kwa simu usiku ule ule, na kulala akiamini amerudi. Hajarudi. Bima iliyokatika hufufuka siku kampuni inapokubali ombi, si siku fedha inapoingia. Akifariki katikati, kabla ya fomu kukubaliwa, familia huenda na ujumbe wa malipo wa juzi na kurudi na ada ambazo kampuni imezirudisha, basi. Tofauti kati ya kulipa tarehe 2 Machi na kulipa tarehe 3 Machi ni hii: ya kwanza ni malipo, ya pili ni maombi.

Upande wa pili ni wakala atakayemwambia aachane na bima ya zamani na kuanza mpya. Wakati mwingine ushauri huo ni wa haki, hasa kwa bima iliyokatika ikiwa changa sana. Kwa mwenye miaka minne ndani, siupendi. Bima mpya humaanisha kamisheni mpya ya mwaka wa kwanza, umri mkubwa kwa miaka minne, na miaka mingine 2 au 3 kabla thamani haijaanza kujengeka. Aliyeshindwa kulipa 4,000 bado hajaeleza atalipaje ada iliyo kubwa zaidi. Kuna njia mbili tulivu za kuuliza kwanza: kupunguza kiasi cha bima ili ada ishuke, au kusogeza mbele tarehe ya mkataba ili asilipe ada za miezi iliyopotea. Si kila kampuni hukubali ya pili, na anayekubaliwa atakuta bima yake inaiva baadaye kuliko 2032.

Na mwalimu akiamua kutofufua? Akae na bima iliyopunguzwa ya 200,000 mpaka 2032, au aivunje achukue thamani yake sasa. Kabla ya kuivunja aombe kampuni imwandikie kiasi hicho kwa tarehe maalumu. Kwa mtu aliyelipa jumla ya 192,000 kwa miaka minne, kiasi hicho huwa chini sana ya alichokilipa, na mara nyingi ndicho kinachomfanya aamue kuiacha ilivyo. Kama bima ilikuwa na mkopo ndani yake, deni litakatwa kwanza.

Yote haya yangeepukika Januari, siku alipokuwa ofisini na karatasi ya mkopo. Afisa wa mishahara angeweza kumwambia hapo hapo ni kato gani litakalotoka ili 6,000 zipate nafasi. Angeiandikia kampuni ya bima kwamba anahama kutoka makato ya mshahara kwenda kwa agizo la benki au simu, akaipa tarehe inayolingana na siku ya mshahara wake, na akasubiri jibu kabla ya kusimamisha kato. Angewaachia pia namba ya simu anayoitumia sasa; kampuni hutuma vikumbusho kwa namba iliyo kwenye fomu, na laini iliyotupwa miaka miwili iliyopita haimkumbushi mtu.

Kama kampuni inashikilia kwamba bima imekatika na yeye ana uthibitisho kwamba alilipa ndani ya siku za neema, aanze kwa barua kwenye kitengo cha malalamiko cha kampuni yenyewe, akiambatanisha stetimenti, hati za mshahara au jumbe za M-Pesa, na nakala ya kifungu cha malipo kutoka kwenye mkataba. Asiporidhika na jibu apeleke jalada hilo hilo kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, iliyoko Nairobi; mwenzake wa Tanzania atalipeleka kwa TIRA. Watakachotaka kuona kwanza ni tarehe mbili, ya ada kustahili na ya fedha kufika, kwa hiyo ziandikwe kwenye mstari wa kwanza wa barua.